Jiko banifu la mkaa au jiko la gesi: lipi linakula kidogo?

Swali la gesi au mkaa huulizwa kama vile lina jibu moja kwa watu wote. Jibu linategemea namba moja ambayo kila mtu anaweza kuipata mwenyewe: bei ya kilo moja ya gesi igawe kwa bei ya kilo moja ya mkaa. Ukipata 2, kilo ya gesi inagharimu mara mbili ya kilo ya mkaa. Ukipata 4, mara nne. Kuanzia hapo chapa za majiko zinaanza kuwa na maana, kwa sababu kila jiko lina kikomo chake, na namba hiyo ikishuka chini ya kikomo mkaa unakuwa ghali kuliko gesi.

Tahadhari moja kabla ya kupiga hesabu. Mkaa mara nyingi huuzwa kwa kopo, ndoo au gunia, na gesi kwa mtungi. Upime mkaa kwenye mizani kabla ya kuamini bei yake. Makopo mawili yanayolingana kwa macho yanaweza kutofautiana sana kwa uzito, moja likiwa na vipande vikubwa vya mti mgumu na jingine likiwa na chenga za mti laini. Mkaa uliolowa nao unadanganya upande mwingine: mizani inapanda, lakini unalipia maji, na moto wenyewe utatumia sehemu ya joto lake kuyakausha. Kwa gesi, bei ya kujaza igawe kwa kilo za gesi peke yake, si uzito wa mtungi mzima.

Kilo moja inatoa nini

Kilo ya mkaa mzuri, mkavu, ina takriban megajuli 29 za joto. Kilo ya gesi ya mtungi ina takriban 46. Kama majiko yote yangekuwa sawa, kilo ya gesi ingekuwa na thamani ya kilo moja na nusu hivi ya mkaa, na mjadala ungeishia hapo. Lakini sehemu kubwa ya joto hilo haifiki kwenye sufuria. Inapasha kuta za jiko, inatoka pembeni, inaruka na hewa. Ufanisi wa jiko ni asilimia ya joto inayoingia kweli kwenye chakula, na ndiyo inayotofautisha chapa.

Chini nimeweka namba za kufanyia hesabu. Zichukue kama za jiko lililo katika hali nzuri, si lililopasuka.

| Jiko | Ufanisi | Joto linaloingia sufuriani kwa kilo | Mkaa unashindwa na gesi ikiwa bei ya gesi kwa mkaa ni chini ya |
|---|---|---|---|
| Jiko la bati tupu | asilimia 20 | megajuli 5.8 | 4.4 |
| Jiko lenye kikombe cha udongo uliochomwa | asilimia 30 | megajuli 8.7 | 2.9 |
| Jiko la chuma lenye kizuia joto (Jikokoa na wenzake) | asilimia 40 | megajuli 11.6 | 2.2 |
| Jiko la gesi la kawaida | asilimia 55 | megajuli 25.3 | – |

Safu ya mwisho inasomeka hivi: mtu anayepikia jiko la bati, gesi inakuwa nafuu kwake hata kama kilo yake inauzwa mara nne ya kilo ya mkaa. Mwenye jiko la daraja la Jikokoa, gesi lazima ishuke hadi karibu mara mbili tu ndipo imshinde. Kwa hiyo majirani wawili wanaonunua mkaa duka moja na gesi duka moja wanaweza kubishana hadi jioni na wote wakawa sahihi.

Kwenye mkaa, chapa ina uzito

Majiko banifu ya mkaa yako katika koo mbili.

Ukoo wa kwanza ni wa udongo. Ganda la bati, ndani yake kikombe cha udongo uliochomwa chenye matundu chini, na kimlango cha hewa. Kenya Ceramic Jiko, linalojulikana kwa kifupi kama KCJ, lilianza Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, likichota wazo kutoka kwenye jiko la ndoo la Thailand. Ndugu zake ni Ugastove ya Uganda, Gyapa ya Ghana na New Lao Stove ya Kambodia, ambalo lilipimwa likaonekana linaokoa takriban asilimia 22 ya nishati likilinganishwa na jiko la zamani la huko. Hapa neno «chapa» linahitaji kushikwa kwa uangalifu. KCJ si kampuni. Ni muundo, na mafundi wengi wanautengeneza kila mmoja kwa namna yake. Kikombe kimoja kimechomwa tanuruni hadi kikaiva, kingine kimetolewa mapema. Kigonge kwa kucha: kilichoiva hulia kwa mlio mkavu, wa wazi, kibichi au chenye ufa hutoa sauti iliyoziba. Kisha angalia pengo kati ya kikombe na bati. Likiwa limejazwa vizuri joto linabaki ndani. Likiwa wazi, bati la nje linachoma mkono ndani ya dakika chache, na joto hilo lote umelilipia.

Ukoo wa pili ni wa kiwandani: chumba cha moto cha chuma, kizuia joto kati ya chumba na ganda la nje, na kimlango kinachofunga barabara. Jikokoa ya kampuni ya BURN ndiyo inayojulikana zaidi. Envirofit ya Marekani nayo imeuza majiko ya mkaa ya chuma. Faida yao ni mbili. Kuta nyepesi za chuma hazinywi joto jingi kabla ya kuanza kupika, tofauti na udongo ambao lazima upate moto wake kwanza. Na kimlango kinachofunga vizuri kinakupa uwezo wa kupunguza moto kwelikweli, jambo ambalo kwenye jiko la bati ni gumu.

Boksi litakuambia jiko linaokoa nusu ya mkaa. Utafiti uliofanyika Nairobi na kuchapishwa 2022 uliwapangia watu bei tofauti za Jikokoa kwa bahati nasibu ukafuatilia matumizi yao halisi. Waliopata jiko walipunguza matumizi ya mkaa kwa karibu asilimia 40. Hiyo ni namba nzuri sana, na ninaiamini kuliko ya boksi, kwa sababu imetoka jikoni kwa watu wanaosahau kufunga kimlango kama sisi sote. Ukifanya hesabu ya ununuzi, tumia 40, usitumie 50.

Ukikuta chapa usiyoijua, usiulize «inaokoa asilimia ngapi», kwa sababu lazima ujue inaokoa kulinganisha na nini. Uliza daraja lake la ufanisi. Viwango vya ISO vya majiko vya 2018 vinapanga ufanisi kwa madaraja: la 2 huanzia asilimia 20, la 3 huanzia 30, la 4 huanzia 40, la 5 huanzia 50. Jiko la mkaa la daraja la 4 ni jiko zuri. Muuzaji asiye na karatasi ya kipimo, lichukulie jiko lake kuwa la udongo wa kawaida hadi mizani ikuambie vingine.

Kwenye gesi, angalia kichomeo kabla ya jina

Hapa mambo yanageuka. Kati ya jiko baya la mkaa na zuri, ufanisi unaongezeka mara mbili. Kati ya jiko la gesi la bei ya chini na la kifahari, tofauti ni ndogo, na mara nyingi inamezwa na sufuria unayotumia.

Viwango vinaonyesha hivyo. Umoja wa Ulaya, chini ya kanuni ya 66/2014, unataka jiko la gesi la mezani lifikie wastani wa angalau asilimia 55. Kwa hiyo Bosch, Beko na wengine wanaouza huko wote wamevuka mstari huo, na kwenye kitabu cha maelekezo kuna jedwali lenye mstari ulioandikwa `EE gas burner` unaotaja ufanisi wa vichomeo. India kiwango chake, IS 4246, kinataka asilimia 68, ndiyo maana majiko ya Prestige na wenzake wa huko yana namba kubwa zaidi kwenye boksi. Usikimbilie kusema ya India yanashinda. Kila kiwango kina sufuria zake na namna yake ya kupima, na namba za mitihani miwili tofauti hazilinganishwi. Linganisha Bosch na Beko, au jiko la India na jiko jingine la India. Ukitaka kuwalinganisha wa pande hizo mbili, njia ni kuchemsha maji yaleyale kwa sufuria ileile.

Kinachoamua bili yako ni mambo haya. Kwanza, ukubwa wa kichomeo. Kwenye kibandiko cha nyuma au cha chini ya jiko utaona nguvu kwa kilowati, na mara nyingi gramu kwa saa. Kilowati 1 ni takriban gramu 73 za gesi kwa saa kwa hesabu ya vibandiko hivyo, kwa hiyo kichomeo kikubwa cha kilowati 3 kikiwa wazi kinameza karibu gramu 220 kwa saa. Ukikiwekea sufuria ndogo, ndimi za moto zinapanda pembeni na kupasha hewa. Jiko la bei ghali lenye vichomeo vikubwa viwili, kwa mtu anayepika sufuria ndogo, ni hasara kuliko jiko la kawaida lenye kichomeo kimoja kidogo cha kilowati 1 hivi. Mimi ningenunua kwa kuangalia hicho kidogo.

Pili, jiko lilingane na gesi na regulata. Kibandiko kitaandika kitu kama `G30/G31 28-30/37 mbar`, yaani limetengenezwa kwa gesi ya mtungi na kwa shinikizo hilo. Kuna majiko yanayouzwa na nozeli za gesi ya bomba, ambazo tundu lake ni kubwa zaidi. Ukilifunga jiko hilo kwenye mtungi, moto unakuwa mrefu, wa njano, masufuria yanaota masizi meusi, na mtungi unaisha upesi. Watu hulaumu mtungi kwamba umepunjwa, kumbe ni nozeli. Moto wa bluu uliotulia ndio unaotakiwa. Ncha za njano zikitokea kwenye jiko lililokuwa zima, kwanza safisha matundu ya kichomeo na njia ya hewa.

Kazi moja, majiko mawili

Tuchukue sufuria yenye lita 5 za maji, kutoka nyuzi 25 hadi yachemke. Maji yenyewe yanahitaji takriban megajuli 1.57. Jiko la gesi la asilimia 55 litatumia gramu 62 za gesi. Jiko la mkaa la asilimia 40 litahitaji gramu 135 za mkaa. Gawa: 135 kwa 62 ni 2.2, namba ileile ya kwenye jedwali.

Lakini hakuna anayewasha gramu 135 za mkaa. Ili moto ushike na uwe na nguvu, unaweka, tuseme, gramu 350. Maji yanachemka, unayatoa, na zaidi ya nusu ya mkaa bado inawaka. Gesi umeifunga, imekoma. Usipookoa makaa hayo, maji ya lita 5 yamekula gramu 350 dhidi ya 62, uwiano wa 5.6. Kwa kazi hiyo fupi, gesi inashinda hata ikiuzwa mara tano ya mkaa.

Sasa sufuria ileile, lakini ni chakula cha kuchemka taratibu kwa saa mbili baada ya kuchemka. Kwenye gesi, gramu 62 za mwanzo, kisha moto mdogo wa gramu 60 kwa saa: jumla 182. Kwenye mkaa, gramu zile 350 unaziongezea 50, unafunga kimlango hadi ubaki upenyo mdogo, na unaacha makaa yajimalizie. Jumla 400, na hakuna kilichopotea. Uwiano umerudi 2.2.

Hapa ndipo tofauti halisi ilipo. Jiko banifu la mkaa lina ufanisi wake kwenye kazi ndefu, pale kila kipande unachowasha kinapata sufuria ya kupasha. Gesi ina ufanisi wake kwenye kazi ya dakika kumi. Anayepika vitu vifupifupi mara nyingi kwa siku atapoteza mkaa kila mara, hata na jiko bora kuliko yote, isipokuwa awe na mazoea ya kuzima makaa kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko unaobana na kuyatumia tena. Makaa hayo yaliyozimwa huwaka upesi mara ya pili, na ukiyapima utashangaa yanavyojumlika kwa wiki.

Ukitaka namba za nyumba yako, wiki moja ya kila jiko inatosha. Mkaa: pima ulioweka asubuhi, pima uliobaki mzima usiku, toa. Gesi: tundika mtungi kwenye mizani ya kuning'iniza ya mizigo, mwanzo wa wiki na mwisho. Mizani ndogo ya jikoni haifai kwa mtungi. Ukiwa nayo mkononi, pima pia mtungi uliojazwa kabla ya kuupeleka nyumbani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo au kola yake. Ukiutoa, kinachobaki ndicho unachokilipia.

Jiko lenyewe linarudisha lini fedha zake

Njia nyepesi ni kuhesabu kila kitu kwa kilo za mkaa badala ya fedha. Tuseme nyumba inatumia kilo 1.2 kwa siku kwenye jiko la bati.

Jiko zuri la udongo likipunguza robo, linaokoa kilo 0.3 kwa siku. Likiwa na bei ya kilo 15 za mkaa, limejilipa kwa siku 50. Jiko la daraja la Jikokoa likipunguza asilimia 40, linaokoa kilo 0.48, likiwa na bei ya kilo 80, linajilipa kwa siku 167, yaani miezi mitano na nusu hivi. Yote mawili ni ununuzi mzuri kwa mtu anayetoka kwenye bati.

Kwa aliye tayari na jiko zuri la udongo hesabu inabadilika. Akihamia Jikokoa anaokoa kilo 0.18 tu za ziada kwa siku, na kilo 80 zitamchukua siku 444. Si vibaya, kwa sababu jiko la chuma lililotunzwa linaishi zaidi ya hapo, lakini asiambiwe litajilipa kwa miezi mitano. Ningemshauri alitumie la udongo hadi kikombe kipasuke, ndipo ahame. Ufa mdogo wa nywele si kitu. Kikombe kikianza kumeguka na hewa kuingia kwa pembeni, kimlango hakitawali moto tena na ulaji wa mkaa unapanda kimyakimya.

Gesi sasa. Nyumba hiyohiyo itatumia, tukadirie, kilo 0.3 za gesi kwa siku, na vifaa vyote, yaani jiko, mtungi, regulata na bomba, viwe na bei ya kilo 150 za mkaa. Uwiano wa bei ukiwa 2, gesi ya siku ni sawa na kilo 0.6 za mkaa. Anayetoka kwenye bati anaokoa 0.6, vifaa vinajilipa kwa siku 250. Anayetoka kwenye Jikokoa, anayetumia 0.72, anaokoa 0.12 tu, na vifaa vitamchukua zaidi ya miaka mitatu. Uwiano ukiwa 3, wa bati bado anaokoa 0.3 kwa siku. Wa Jikokoa anapata hasara kila siku anayowasha gesi, isipokuwa kwa zile kazi fupi.

Kwa hiyo uwiano ukiwa chini ya 2, nunua gesi na chagua jiko kwa vichomeo, si kwa jina. Ukiwa juu ya 3, Jikokoa au jiko jingine la daraja la 4 ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Kati ya 2 na 3, wenye uwezo wa kuwa na vyote viwili watapata bili ndogo kuliko wanaochagua kimoja: kichomeo kimoja kidogo cha gesi kwa mambo ya dakika kumi, mkaa kwa sufuria za saa mbili. Na popote mkaa unapowaka, mlango na dirisha viwe wazi. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na jiko banifu haliiondoi.